KUISOMA PICHA YA UJUMBE WA FEDHA NA KUIANDIKA KATIKA JEDWALI

Kwa Ndugu Wanachama,

Tangu michango ya Chama ianze kutumwa kwa simu, afisi huletewa picha nyingi. Mwanachama akisha kutuma mchango wake, huipiga picha ile khabari iliyotokea juu ya kioo cha simu (vijana huiita skrinshoti) akamletea Katibu, naye huona kuwa shughuli yake imekwisha. Uchumaji unapokaribia picha hizo huja kwa wingi, nyengine usiku wa manane, nyengine mara mbili, nyengine zimekatwa juu au chini. Kutokana na hizo yatakiwa itoke orodha moja itakayosomwa mbele ya mkutano: nani ametoa, ametoa kiasi gani, na lini.

Orodha hiyo ikikosewa, madhara yake ni ya namna mbili. Ama aliyetoa atasomwa kuwa hakutoa, na hiyo ni fedheha mbele ya wenziwe. Ama Chama kitahesabu fedha ambazo hazimo mfukoni, kikaagiza maturubai na gari ya kuchukulia magunia, na siku ya kulipa fungu likapungua. Kwa hivyo yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya makatibu na washika hazina wa matawi. Lakini yatamfaa kila mwanachama, kwa sababu orodha iliyo sawa huanzia kwa yule anayeileta picha.

PICHA NI MANENO YA MTUMAJI

Jambo la kwanza kulifahamu ni kwamba picha siyo fedha, wala siyo stakabadhi ya Chama. Ni maneno ya mtumaji kwamba ametuma. Mara nyingi sana maneno hayo ni ya kweli. Hata hivyo picha yaweza kuwa ya mwezi uliopita, au fedha zimekwenda kwa nambari nyengine kwa kukosea tarakimu moja, au, kwa nadra, mtu mwovu ameibadilisha picha yenyewe, na siku hizi hilo si jambo gumu kwa anayejua kutumia simu.

Ushahidi wa kwamba fedha zimefika uko upande wetu. Ni ule ujumbe ulioingia katika simu ya Chama, au taarifa ya miamala ambayo kampuni ya simu humpa mwenye akaunti. Kazi ya jedwali, basi, ni kuyakutanisha haya mawili: maneno ya mtumaji na ushahidi wa simu yetu. Yakikutana, mchango umethibiti. Yasipokutana, pana jambo la kuuliza, na kuuliza si kumtuhumu mtu.

Baadhi ya makatibu hupoteza muda mwingi wakiichunguza picha wapate kujua kama imeghushiwa: wakitazama unene wa herufi, au rangi ya kioo. Hayo yaachwe. Picha nzuri kabisa ambayo fedha yake haikuingia kwetu haina kazi, na picha mbovu iliyokatwa katwa ambayo fedha yake imeingia ni mchango halali. Tazama simu ya Chama kwanza.

MAMBO MANNE YA KUTAFUTA

Kila kampuni ina mpangilio wake wa maneno. Ujumbe wa M-Pesa haufanani kila kitu na ule wa Airtel Money au wa HaloPesa, wala na ule wa Tigo Pesa, ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Mixx by Yas. Hata hivyo mambo tunayoyahitaji ni yale yale manne: kiasi, mtumaji, nambari ya kumbukumbu, na wakati. Tuchukue mfano. Majina, kiasi na nambari zote katika makala hii ni za kufundishia tu. Huu ndio ujumbe ulio katika simu ya mtumaji:

```
CHE0K7QO5M Imethibitishwa.
Tsh25,000.00 imetumwa kwa CHAMA
tarehe 14/8/25 saa 7:42 AM.
Makato Tsh600.00.
Salio lako ni Tsh3,150.00.
```

Na huu ndio ulioingia katika simu ya Chama kwa fedha hizo hizo:

```
CHE0K7QO5M Imethibitishwa.
Umepokea Tsh25,000.00 kutoka JUMA
tarehe 14/8/25 saa 7:42 AM.
Salio lako ni Tsh162,000.00.
```

Kiasi. Ujumbe wa mtumaji una fedha tatu ndani yake: zilizotumwa, makato ya kampuni, na salio lililobaki kwake. Tunayoiandika ni ile iliyotumwa peke yake, yaani 25,000. Makato ni baina ya mtumaji na kampuni yake; hayaongezwi wala hayapunguzwi katika mchango. Aliyetuma 24,400 akasema, "Na 600 walizokata, jumla 25,000," ametoa 24,400, maana ndizo zilizofika. Tena angalia alama: mkato hutenga maelfu, na nukta hutenga senti. Sifuri mbili zilizo baada ya nukta ni senti, zisiandikwe katika daftari, kwani tumezoea kuandika bila ya senti, na anayenakili kwa haraka 25,000.00 huweza kuiandika 2,500,000.

Mtumaji. Jina lililo katika ujumbe ni la yule ambaye laini imesajiliwa kwa jina lake. Huenda akawa mwanachama mwenyewe, na huenda akawa mwanawe, mumewe, jirani, au wakala wa dukani aliyepewa fedha taslimu. Kwa hivyo jedwali liwe na nafasi mbili mbali mbali: moja ya jina kama lilivyo katika ujumbe, na nyengine ya nambari ya mwanachama anayelipiwa. Ukiliandika jina la mwanachama pahala pa jina la mtumaji, siku ya kulinganisha na simu hutaliona tena. Na ukiliandika jina la mtumaji peke yake, mwanachama atasomwa kuwa hakutoa.

Kumbukumbu. Hii ndiyo nguzo ya jedwali lote. Kila muamala hupewa kumbukumbu yake na kampuni, haufanani na mwengine, hata kama kiasi ni kile kile na mtu ni yule yule na dakika ni ile ile. Kampuni nyengine huiandika kwa herufi na tarakimu, nyengine kwa tarakimu tupu, nyengine hutia nukta katikati. Inakiliwe yote kama ilivyo.

Hapo ndipo jicho linapodanganyika. Tazama tena ile CHE0K7QO5M. Alama ya nne ni sifuri, na alama ya nane ni herufi O. Vile vile herufi I na tarakimu 1 hufanana, na S na 5, na B na 8. Njia iliyo salama ni watu wawili: mmoja asome kwa mafungu, "CHE, sifuri K saba, Q herufi O tano, M," na mwengine aandike, kisha aliyeandika asome naye kwa sauti. Picha iwe imekuzwa. Alama isiyosomeka usiibahatishe. Weka alama ya kuuliza pahala pake, na mwombe mwenye picha aufungue ujumbe katika simu yake aseme alama ile ni nini.

Wakati. Juu ya hili nitakaa kidogo, maana linatukosesha sisi hasa tunaohesabu saa kwa Kiswahili.

SAA YA UJUMBE SI SAA YETU

Ujumbe umesema "saa 7:42 AM". Mtu wetu akisoma haraka huona "saa saba", naye akasema Juma alituma mchana baada ya adhuhuri. Sivyo. Simu huhesabu siku tangu usiku wa manane, na AM ni tangu hapo mpaka kabla ya saa sita ya mchana. Saa 7:42 AM ni saa moja na dakika 42 asubuhi. Na 7:42 PM ni saa moja na dakika 42 usiku. Baina ya saa ya simu na saa yetu pana tafauti ya saa sita.

Katika jedwali ni bora kuandika kwa hesabu ya saa 24, bila ya AM wala PM, kama baadhi ya kampuni zinavyofanya katika ujumbe wao. Saa za AM ziandikwe kama zilivyo: 7:42 AM ni 07:42. Saa za PM ziongezwe kumi na mbili: 8:05 PM ni 20:05. Yabaki mawili yanayotatiza. 12:20 PM ni saa sita na dakika 20 mchana, nayo haiongezwi kitu: 12:20. Na 12:20 AM ni saa sita na dakika 20 usiku, nayo huandikwa 00:20. Mwanachama akiuliza kwa mdomo, mjibu kwa saa ya Kiswahili. Lakini kilichoandikwa kiwe namna moja tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho.

Tena ipo tarehe. Kwa desturi yetu usiku hutangulia mchana wake. Jua likisha kuchwa siku ya Alhamisi tumeshaingia usiku wa kuamkia Ijumaa. Simu haihesabu hivyo. Kwayo Alhamisi huendelea mpaka usiku wa manane, na hapo ndipo Ijumaa inapoanza. Ikiwa Chama kimesema mchango ufungwe "Alhamisi usiku", wako watakaofahamu hivi na wako watakaofahamu vile. Tangazo na liandikwe kwa tarehe na saa ya simu, kwa mfano: mwisho ni 14 Agosti 2025, saa 23:59. Hapo hapana mabishano.

Na jambo moja dogo: juu kabisa ya picha pana saa nyengine. Hiyo ni saa picha ilipopigwa, siyo saa fedha zilipotumwa. Tunayoiandika ni ile iliyo ndani ya ujumbe.

MFANO KAMILI

Tuseme tawi limetoza mchango wa 25,000/- kwa kila mwanachama, wa kununulia maturubai ya kufunikia karafuu uwanjani mvua inaponyesha. Mwisho ni 14 Agosti 2025, siku ya Alhamisi, saa 23:59. Kabla ya mchango simu ya tawi ilikuwa na salio la 112,000/-. Katibu ameletewa picha sita:

Ya kwanza ni ya Juma, mwanachama nambari 14, ndiyo ile tuliyoisoma hapo juu. Ya pili imeletwa na Bibi Mgeni, nambari 22, lakini jina lililo ndani ni HAMAD, mwanawe aliyemtumia. Ya tatu ni ya Khamis, nambari 9, na kiasi chake ni 50,000/-. Ya nne imeletwa na Bibi Asha, nambari 10, nayo pia ina jina la KHAMIS na kiasi cha 50,000/-. Ya tano ni ya Salum, nambari 17, saa 12:20 AM. Ya sita ni ya Omar, nambari 5, kiasi 25,000/-.

Anayejumlisha picha tu atapata 200,000/-, na atasema mambo ni mazuri. Sasa tuziandike, na kila moja tuitafute katika simu ya tawi:

| Na. | Tarehe | Saa | Kumbukumbu | Jina katika ujumbe | Kiasi | Mwanachama | Kwetu |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 13/8/25 | 20:05 | CHD8L5T1RW | HAMAD | 25,000 | 22 | Imo |
| 2 | 14/8/25 | 07:42 | CHE0K7QO5M | JUMA | 25,000 | 14 | Imo |
| 3 | 14/8/25 | 16:30 | CHE6P2X9VA | KHAMIS | 50,000 | 9 na 10 | Imo |
| 4 | 14/8/25 | 18:11 | CHE4W8J2DS | OMAR | 25,000 | 5 | Haimo |
| 5 | 15/8/25 | 00:20 | CHF1B3N7ZC | SALUM | 25,000 | 17 | Imo |

Picha zilikuwa sita, na mistari ni mitano. Ya Khamis na ya Bibi Asha zote mbili zina kumbukumbu CHE6P2X9VA. Kumbukumbu moja ni muamala mmoja, hata kama picha yake imeletwa na watu kumi. Khamis alituma 50,000/- mara moja, za kwake na za dada yake, na kila mmoja akaleta picha apate kuandikwa. Hakuna aliyefanya vibaya. Fedha huandikwa mara moja, 50,000. Na nambari za wanachama huandikwa mbili. Laiti Katibu angaliandika mistari miwili, daftari lingalionesha 50,000/- ambazo hazipo.

Na kinyume chake vile vile. Lau Juma angalituma 25,000 zake, kisha dakika tano baadaye akatuma 25,000 nyengine za mama yake, jina ni moja, kiasi ni kimoja, siku ni moja. Lakini kumbukumbu zingalikuwa mbili. Hiyo ni michango miwili, wala usiufute mmoja kwa kudhani umejirudia. Kinachoamua ni kumbukumbu.

Mstari wa nne haukuonekana katika simu ya tawi. Katibu aliitazama picha ya Omar mara ya pili, safari hii akatazama imetumwa kwa nani, akaona kwamba jina la mpokeaji si la Chama. Omar alikosea tarakimu moja ya nambari. Ametoa fedha kweli, lakini hakutupa sisi. Kumwambia "hukulipa" ni kumdhulumu, na kumwandikia "amelipa" ni kukidhulumu Chama. Mstari wake hubaki katika jedwali na neno "Haimo", na yeye huambiwa upesi, siku ile ile, ili awapigie huduma ya wateja wa kampuni yake, awatajie kumbukumbu hiyo na kuomba fedha zirudishwe. Upesi una maana, kwa sababu aliyezipokea akisha kuzitoa kwa wakala, huwa vigumu kuzirejesha. Ndiyo sababu inapasa kulinganisha kila siku picha zinapoingia, si kungoja mkesha wa mkutano.

Mstari wa tano, Salum atasema alituma Alhamisi usiku. Ndani ya ujumbe tarehe ni 15/8/25, saa 00:20. Mwisho umepita kwa dakika 21. Kumsamehe au kutomsamehe ni shauri la kamati, siyo la jedwali. Jedwali kazi yake ni kusema wakati ulivyo. Katibu anayeibadilisha saa ili kumfanyia mtu hisani ameliharibu daftari lote, maana siku ya pili hapana atakayeuamini mstari wowote.

KUPIMA KWA SALIO

Iko njia moja nyepesi ya kujua kama jedwali limekamilika, nayo ni salio lililo katika kila ujumbe wa simu ya Chama. Kila fedha inapoingia, salio la zamani ukilijumlisha na kiasi kilichoingia hupata salio jipya. Katika mfano wetu:

```
Salio la mwanzo           112,000
HAMAD    + 25,000    =    137,000
JUMA     + 25,000    =    162,000
KHAMIS   + 50,000    =    212,000
SALUM    + 25,000    =    237,000
```

Jumla iliyoingia ni 125,000/-, nayo ni sawa na 237,000 ukitoa 112,000. Ile 200,000/- ya picha ilikuwa na 75,000/- za ziada: 50,000 za picha iliyojirudia, na 25,000 zilizopotea njia. Ukiona salio limeruka bila ya mstari wa kulieleza, basi ama pana mchango ambao mwenyewe hakuleta picha, ama pana fedha iliyotolewa haikuandikwa. Vyote viwili vyatafutwa.

Mlolongo huu hutusaidia pia kuutambua ujumbe wa uongo. Wako matapeli wanaotuma katika simu ya mtu maneno yaliyofanana na ya kampuni, "Umepokea Tsh", kisha wakapiga simu wakisema fedha zimekuja kwako kwa makosa, warudishie. Ujumbe huo aghlabu hutoka kwa nambari ya simu ya kawaida, badala ya kutokea chini ya jina la kampuni pamoja na ujumbe mwengine wa zamani. Na salio linalotajwa ndani yake haliungani na lile lililotangulia. Mshika hazina asirudishe hata senti kabla ya kulitazama salio lenyewe kwa orodha ya huduma ya kampuni. Kwa M-Pesa ya Tanzania, kwa mfano, hufunguliwa kwa kupiga `*150*00#`. Ikiwa salio halikuongezeka, hapana kilichoingia. Ikiwa limeongezeka kweli na mtu adai kakosea, na apitie kwa kampuni yake. Na nambari ya siri haitajwi kwa yeyote, hata kwa anayejiita mtumishi wa kampuni.

PALE KUMBUKUMBU HAZILINGANI

Kipo kikomo kimoja cha njia hii ambacho lazima kijulikane. Mtumaji na Chama wakiwa mtandao mmoja, kwa kawaida kumbukumbu iliyo kwake ndiyo iliyo kwetu. Lakini fedha zikitoka mtandao mmoja kwenda mwengine, au zikitoka benki, kila upande huweza kutoa kumbukumbu yake, na ile ya picha usiione katika simu ya Chama. Usiseme mara moja kwamba picha ni ya uongo. Tafuta kwa kiasi, tarehe na saa iliyo karibu, na jina. Ukiupata muamala ulioafikiana kwa yote, andika kumbukumbu zote mbili katika mstari mmoja, ile ya mtumaji na chini yake ile ya kwetu. Kama siku ile wametuma watu watatu kiasi kimoja kutoka mtandao mwengine na majina hayakuonekana, basi usigawe kwa kukisia. Waite wote watatu na picha zao.

KWA WANAOTUMIA KOMPYUTA

Matawi yenye kompyuta yanaweza kuliweka jedwali humo. Kabla ya kuanza, safu ya kumbukumbu iwekwe kuwa maandishi, si hesabu. Ama sivyo kumbukumbu ya tarakimu tupu itapotewa na sifuri ya mbele, au itafupishwa isisomeke. Tena, ikiwa kumbukumbu ziko safu ya D na mstari wa kwanza wa michango ni wa 2, andika hivi katika safu iliyo tupu, kisha uiteremshe mpaka chini:

```
=COUNTIF(D:D,D2)
```

Kila mstari utakaoonesha 1 ni wa pekee. Unaoonesha 2 au zaidi una kumbukumbu iliyojirudia, na hapo utazame. Lakini mashine haijui kuwa sifuri imeandikwa pahala pa herufi O. Itaziona ni kumbukumbu mbili mbali mbali na itanyamaza. Kwa hivyo kule kusoma kwa watu wawili hakuondolewi na kompyuta.

YANAYOTAKIWA KWA MWANACHAMA

Mwanachama anayetaka mchango wake uandikwe bila ya usumbufu na afanye haya. Picha ioneshe ujumbe mzima, tangu kumbukumbu mpaka tarehe na saa, pamoja na jina la aliyepelekewa. Chini yake aandike nambari yake ya uanachama, na kama fedha ni za watu wawili, nambari zote mbili na kila mmoja kiasi chake. Aliyetoa kwa mkono wa wakala asiondoke dukani kabla ya kuandikiwa kumbukumbu katika karatasi, maana ujumbe wa mtumaji utabaki katika simu ya wakala.

Salio lake mwenyewe si shughuli ya Chama, naye ana ruhusa kulificha au kulikata. Siri ya mfuko wa mtu ni yake. Kwa sababu hiyo hiyo picha ziletwe kwa Katibu au kwa Mshika hazina, zisitiwe katika kundi la simu ambako kila mtu huona. Na ujumbe wenyewe usifutwe katika simu mpaka mkutano upite na orodha ikubaliwe.

Makatibu wa matawi wanaombwa watie sahihi chini ya kila ukurasa wa jedwali pamoja na Mshika hazina, waandike na salio la simu kama lilivyokuwa siku ile, na nakala moja iletwe afisini kila mwisho wa wiki. Mwanachama yeyote ana haki ya kuutazama mstari wake. Akiona pana kosa, na aje na kumbukumbu yake mkononi. Itatafutwa mbele yake.

Wasalaam,

Katibu wa Chama